Dada kalipwa kutangaza seramu ya uso, kampuni inataka aandike "zawadi". Kapsheni iandikweje?

MwandikajiMwanga
Wakuu, habari za jioni. Kuna dada hapa Kigoma mjini ana wafuasi wengi Instagram na TikTok, mimi ndiye ninayemwandikia kapsheni. Kampuni moja ya vipodozi ya Dar imempa kazi ya kutangaza seramu ya uso ya niasinamaidi asilimia 5. Masharti yako hivi: shilingi 200,000, nusu kabla na nusu baada ya kuposti. Chupa mbili bure. Promo kodi KIGOMA10 inayompa mteja punguzo la asilimia 10, na dada anapata 2,000 kwa kila chupa itakayouzwa kwa kodi hiyo. Bei ya kawaida ni 35,000.

Mzigo umefika na basi Ijumaa. Posti inatakiwa Alhamisi. Kapsheni waliyotuma wao ni hii hapa, jina la kampuni nimelitoa:

"Jamani uso wangu umebadilika ndani ya siku 7 tu! Madoa yote yameisha! Hii seramu ni tiba kamili ya chunusi, haina kemikali, imethibitishwa. Asanteni sana [kampuni] kwa zawadi hii nzuri. Tumia kodi KIGOMA10 upate punguzo. #kigoma #urembo #ngozi #ushirikiano #ad"

Dada anataka ijulikane wazi kwamba amelipwa, hataki watu waje kumsema. Kampuni wanasema #ad ipo mwishoni, inatosha. Naomba mnisaidie, inatosha kweli? Na kama haitoshi, iandikweje bila kuonekana kama tangazo la redioni?

Katubuka_Boy
Mkuu hilo mbona dogo. Ukishalipia kuboosti, Instagram wenyewe wanaweka neno Sponsored juu pale. Weka elfu ishirini, chagua Kigoma na Tabora, siku tano, kila mtu ataona ni tangazo. Hamna haja ya kujiumiza na kapsheni.

MwandikajiMwanga
Hapana kaka, hatuboosti. Kampuni ndiyo inamlipa dada, sisi hatuwalipi Instagram chochote.

Lebo_Kwanza
Katubuka, hayo ni mambo mawili. Sponsored inatokea pale mtu anapoilipa Instagram isambaze posti. Haimwambii msomaji kama aliyesimama mbele ya kamera amelipwa. Ukiboosti posti ya dada, msomaji atajua kuna hela imetumika kuisambaza, lakini bado atadhani maneno yanatoka moyoni mwake bure.

Sasa kwa mwenye uzi. Ichukue hiyo kapsheni uihesabu herufi. Kwenye Instagram kapsheni hukatwa karibu na herufi ya 125, na mara nyingi hata kabla, halafu linakuja neno more. Hiyo yenu inakatika baada ya "haina kemikali". Kwa hiyo anayepitisha kidole haraka anasoma uso umebadilika, madoa yameisha, tiba kamili, basi. "Asanteni" iko nyuma ya pazia, na #ad ni alama ya tano kwenye mkia wa alama tano. Ahadi zote zimewekwa mbele na malipo yamefichwa nyuma. Hata kama hakuna aliyekusudia kuficha, msomaji amefichwa.

Halafu angalia lile neno "zawadi". Zawadi unapewa na hudaiwi kitu. Mtu aliyepokea laki mbili na ana tarehe ya kuposti hajapewa zawadi, amepewa kazi. Ukisema zawadi huku umelipwa, hapo hujaficha tu, umesema uongo. Hilo litoke kabla ya yote.

MigebukaTamu
Mimi nadhani mnazunguka mbuyu. Instagram ina kitufe chake. Kabla hujabonyeza Share, shuka kwenye mipangilio zaidi, washa "Add paid partnership label", mtaje kampuni, kwisha. Maneno yanatokea juu chini ya jina lake. TikTok nao wana kitu hicho hicho, unawasha sehemu ya kutangaza maudhui ya biashara unachagua Branded content, inaandika Paid partnership. Ukishafanya hivyo umetii masharti ya mtandao, kapsheni andika unavyotaka.

Lebo_Kwanza
Nusu ya kwanza uko sahihi kabisa, Migebuka. Kitufe kiwashwe, tena ni sharti la mitandao yenyewe kwa posti za kulipwa. Kama dada ameshaposti akasahau, Instagram inaruhusu kuhariri posti na kukiongeza.

Nusu ya pili ndiyo sikubali. Kwanza, yale maneno ni madogo, yako juu ya picha ambapo macho hayakai, na kwa wengi wetu yanatokea kwa Kiingereza. Dada anaongea Kiswahili, wafuasi wake wa Gungu na Mwandiga wanamsoma kwa Kiswahili, halafu taarifa moja muhimu kuliko zote inakuja kwa lugha ambayo wengine hawaisomi. FTC, tume ya biashara ya Marekani, ambao wameandika sana juu ya mambo haya, kwenye mwongozo wao wa 2019 kwa mainfluensa wanasema tamko liwe kwa lugha ile ile ya tangazo, na usidhani kitufe cha mtandao peke yake kinatosha. Sheria yao haitufungi sisi hapa, ila sababu zao zina mantiki popote.

Pili, na hili ndilo linalotuhusu hasa Kigoma: nani anaangalia Instagram mwanzo mwisho? Video inapakuliwa, inatupwa kwenye makundi ya WhatsApp, inawekwa stetasi na wauza vipodozi sokoni. Ikishatoka Instagram, lebo ya Paid partnership haiendi nayo. Kapsheni nayo haiendi. Inabaki sura ya dada na sauti yake akisema madoa yameisha.

MigebukaTamu
Hapo kwenye stetasi umenishika. Lakini akiandika kwenye kapsheni na kapsheni nayo haiendi, tumefanya nini sasa?

Lebo_Kwanza
Ndiyo maana tamko linakaa sehemu mbili: mstari wa kwanza wa kapsheni, na ndani ya video yenyewe. Kwenye video aseme kwa mdomo katika sentensi ya kwanza au ya pili, kabla hajaisifia seramu, na maandishi yatokee kwenye kioo. Wengi wanaangalia wakiwa wamezima sauti, wengine wanasikiliza bila kuangalia, kwa hiyo vyote viwili. Maandishi yasiwe meupe juu ya ukuta mweupe, na yasikae chini kabisa ambako kapsheni ya TikTok na vitufe vinayafunika. Yaweke theluthi ya juu, yakae muda ambao mtu asiye na haraka anaweza kuyasoma mara mbili.

Na wauza vipodozi wanapenda kukata vipande. Wakikata zile sekunde za mwanzo, tamko limeondoka. Ukiweka neno TANGAZO dogo pembeni tangu mwanzo hadi mwisho, hata kipande cha katikati kitakuwa nalo.

Mzee_wa_Reli
Nyie vijana mna kazi. Kila mtu anajua hawa mabinti wanalipwa. Nani ataona msichana ameshika chupa mbele ya taa ya duara akadhani kaamka tu akaipenda? Mkiandika TANGAZO mstari wa kwanza, watu wanapitiliza. Kampuni imetoa laki mbili ili ipitilizwe?

Lebo_Kwanza
Shikamoo mzee. Baadhi wanajua, wengine wanakisia, na wengine hawajui kabisa, hasa wale wadogo wa sekondari ambao ndio wenye chunusi. Tena anayejua kwamba mainfluensa hulipwa bado hajui kama hii posti ni ya kulipwa au ni ile ya juzi alipoisifia losheni aliyojinunulia mwenyewe. Kutofautisha hizo mbili ndiko kunakomsaidia dada siku akisifia kitu bure.

Kuhusu kupitilizwa sikupingi moja kwa moja. Wako watakaopitiliza. Mimi naona hao hata wasingenunua, ila siwezi kukuwekea ushahidi mezani.

Mzee_wa_Reli
Marahaba. Angalau umekubali kwamba hujui. Endeleeni.

SabuniYaMise
Samahani kuingilia, na mimi lingenihusu hili. Natengeneza sabuni ya mafuta ya mise na ya mawese, nauza mwenyewe kwenye akaunti yangu. Kumbe na mimi niandike nimelipwa? Maana hakuna anayenilipa, najilipa mwenyewe hahaha.

Lebo_Kwanza
Hapana mama, wewe hujalipwa na mtu, na akaunti yako ikiwa na jina la sabuni kila mtu anaona ni duka. TikTok kwa mtu kama wewe pana chaguo la Your brand, linaandika Promotional content. Hilo ndilo lako, si lile la Branded content.

Shida inakuja ukitumia akaunti nyingine, mfano ya binti yako, aandike "nimegundua sabuni nzuri hapa Ujiji" bila kusema ni ya mama yake. Hapo aseme: hii ni sabuni ya mama, naiuzia familia. Uhusiano wa damu nao unabadilisha jinsi msomaji anavyopima sifa, hata kama hakuna shilingi iliyopita.

SabuniYaMise
Ahaa. Na jirani nikimpa kipande kimoja bure akajisikia kuposti mwenyewe?

Lebo_Kwanza
Aseme tu "nimepewa bure na mwenye sabuni". Maneno matano yamemaliza.

MigebukaTamu
Hapo mmezidisha sasa. Kipande cha sabuni cha buku, mtu aandike kama hati ya mahakama? Kama hakuna makubaliano, hakuna tangazo. Zawadi ya kweli ni zawadi.

Lebo_Kwanza
Tutofautiane tu hapo. Mimi naangalia swali moja: msomaji akijua, je, atazipima tofauti zile sifa? Kwa chupa ya 35,000 jibu ni ndiyo bila ubishi. Kwa kipande cha sabuni cha jirani, sawa, unaweza ukanishinda.

MwandikajiMwanga
Tumsaidie kwanza dada jamani, Alhamisi inakuja. Dada Lebo, mstari wa kwanza niuandikeje? Nimejaribu huu: "Ushirikiano na [kampuni] ❤️". Kampuni wangeukubali huo.

Lebo_Kwanza
Wangeukubali kwa sababu hausemi kitu. Mitandaoni ushirikiano ni neno la kila jambo. Wasanii wawili wakiimba pamoja wameshirikiana, na mchango wa msiba nao ni ushirikiano. "Balozi wa [kampuni]" nalo linaeleweka nusu, wapo wanaodhani ni cheo cha heshima. "Asante kwa kuniamini" ndiyo kabisa haisemi. Kipimo changu ni kwamba mama anayeuza dagaa pale Kibirizi akisoma mstari huo peke yake, bila picha, ajue hela imepita kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Kwa hiyo tumia kitenzi:

"TANGAZO: Nimelipwa na [kampuni] kuzungumzia seramu hii. Chupa wamenipa bure."

Jina la kampuni likiwa na herufi kumi, mstari mzima haufiki herufi 80. Unabaki wote juu ya more, na unabakiwa na nafasi ya sentensi moja fupi ya kuvutia. Kiasi cha pesa si lazima kukitaja. Laki mbili au elfu hamsini, msomaji anachohitaji ni kujua kwamba alilipwa.

#ad unaweza kuiacha kwa ajili ya wafuasi wa nje, hainidhuru, ila isifanye kazi ya mstari wa kwanza.

Komisheni itajwe pale pale promo kodi inapotajwa, si mahali pengine. Msomaji anapoamua kuitumia kodi ndipo anapopaswa kujua kwamba kila chupa inamwingizia dada kitu: "Ukitumia KIGOMA10 unalipa 31,500 badala ya 35,000, na mimi napata komisheni." Ukisema "nimelipwa" juu, halafu kodi ukaiweka chini kama fadhila kwa wafuasi, umesema nusu.

Mfamasia_Kasulu
Nimefuatilia kimya, sasa niingie. Mnahangaika na mstari wa kwanza na mko sahihi, lakini hata ukiandika NIMELIPWA kwa herufi za kichwa cha habari, bado kapsheni ile ina matatizo ambayo tamko haliyafuti. Kulipwa ukiwa mkweli na kulipwa ukidanganya ni vitu viwili.

Nianze na siku 7. Mzigo umefika Ijumaa, posti Alhamisi. Hata siku 7 za matumizi hazijatimia, labda 6. Sasa "uso wangu umebadilika ndani ya siku 7" ni ushuhuda wa jambo ambalo halijatokea. Na niasinamaidi yenyewe haifanyi hivyo. Tabaka la juu la ngozi kwa kijana hujibadilisha kwa takribani wiki nne, na niasinamaidi hupunguza kasi ya rangi kusafirishwa kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu. Madoa yaliyokwisha kupanda yanabaki mpaka ngozi hiyo itoke. Tofauti ya kuonekana ni wiki 8 mpaka 12, na doa linafifia, si kufutika. Anayekuambia madoa yote yameisha ndani ya wiki, ama ni filta, ama ndani ya chupa kuna kitu kingine: steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Mkorogo ndio unaofanya kazi haraka namna hiyo, na vitu hivyo vyote vitatu vimekatazwa kwenye vipodozi hapa nchini. Yaani kapsheni hiyo inawatangaza vibaya hata wao, mtu mwenye kujua akiisoma atashuku bidhaa.

MwandikajiMwanga
Duh. Hilo la kushukiwa hatukuliwaza. Na "tiba kamili ya chunusi"?

Mfamasia_Kasulu
Neno tiba liondoke, na kamili liondoke nalo. Kipodozi kinasafisha, kinalainisha, kinaboresha mwonekano. Ukisema kinatibu, umekivusha upande wa dawa, na huko kuna TMDA na usajili mwingine kabisa. Vipodozi tangu 2019 vinasimamiwa na TBS. Kwa hiyo waulize kampuni swali moja tu: cheti cha TBS cha bidhaa hii kiko wapi, na jina kwenye cheti linafanana na jina kwenye chupa? Wasipojibu, dada asiposti hata kama tamko ni zuri.

"Imethibitishwa" na nani? Kama ni usajili wa TBS, aandike "imesajiliwa TBS" baada ya kuona cheti. Hiyo inasema bidhaa imeruhusiwa kuuzwa, haisemi kwamba inaondoa madoa. Watu wanachanganya hapo kila siku.

"Haina kemikali" nayo ni ya kufuta tu. Niasinamaidi ni kemikali. Maji ni kemikali. Kama wanachotaka kusema ni kwamba haina manukato au haina spiriti, basi waseme hivyo, na walinganishe na orodha ya viambato nyuma ya boksi.

Katubuka_Boy
Kwa hiyo kwenye kapsheni nzima kilichobaki ni "Jamani" 😂

Mfamasia_Kasulu
Na "Tumia kodi". 😂

Mzee_wa_Reli
Na kisheria hapa kwetu je? Maana mmetaja Marekani. Sisi tuko mwisho wa reli, FCC, tume yetu ya ushindani, watakuja mpaka huku kwa kapsheni?

Lebo_Kwanza
Mzee, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mtu kwenye biashara kupotosha au kufanya jambo lenye kuelekea kupotosha walaji. Imeandikwa kwa upana, haimpi mtu maneno ya kuweka kwenye kapsheni, na hiyo ndiyo sababu nasema tusitafute neno la kisheria, tutafute neno linaloeleweka. Kama watakuja mpaka Kigoma siwezi kukuhakikishia. Lakini mteja aliyeungua uso haanzi na FCC, anaanza na dada, kwa sababu dada ndiye anayemfahamu na yuko Mwanga, si Dar.

MwandikajiMwanga
Nimeandika upya. Naomba mnikosoe:

"TANGAZO: Nimelipwa na [kampuni] kuzungumzia seramu hii. Chupa wamenipa bure.
Imenifikia Ijumaa, leo ni siku ya 6. Napaka matone mawili asubuhi na usiku baada ya kunawa. Hainiwashi, inakauka upesi na haiachi mafuta usoni. Madoa bado yapo na siwezi kuwaambia yataisha, kampuni inasema ni wiki 8. Nitawaonyesha wiki ya 8.
Ina niasinamaidi asilimia 5. Mchana paka na sanskrini.
Ukitumia KIGOMA10 unalipa 31,500 badala ya 35,000, na mimi napata komisheni.
Picha haina filta. #kigoma #ngozi #ad"

Mfamasia_Kasulu
Nzuri sana. Ongeza jambo moja, mnunuzi ajaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono siku mbili kabla ya kupaka usoni. Na mwenye chunusi kubwa zenye usaha aende kituo cha afya, asisubiri wiki 8 kwa seramu.

"Picha haina filta" ibaki tu kama ni kweli mpaka kwenye kamera. Simu nyingi zina hali ya kulainisha uso ambayo inawashwa yenyewe kwenye kamera ya mbele, mtu hajui kabisa. Aizime kwenye mipangilio ya kamera, apige karibu na dirisha, halafu akuze picha: kama vinyweleo na vitundu vya ngozi havionekani, bado imewashwa. Kwa kipodozi, uso uliolainishwa na simu ni madai ya uongo hata usipoandika neno.

MigebukaTamu
Kwenye ule mstari "kampuni inasema ni wiki 8", hapo si ni kama anajitoa kwenye lawama? Ni dai lile lile ila limewekwa mdomoni mwa mwingine.

Lebo_Kwanza
Umeona vizuri, Migebuka. Kusema "kampuni inasema" hakumpi ruhusa ya kurudia chochote. Akijua dai ni la uongo asilirudie hata kwa kumtaja aliyelisema. Hapa linapita kwa sababu Mfamasia amesema wiki 8 mpaka 12 ni muda wa kawaida wa niasinamaidi kwa kiwango hicho. Lakini ningelilegeza: "kampuni inasema matokeo huanza kuonekana baada ya wiki 8". Hapo haahidi kuisha.

Na ile ahadi ya "nitawaonyesha wiki ya 8" ni deni. Je, posti hiyo ya pili iko kwenye mkataba? Kama kampuni itamlipa tena, nayo ni tangazo, mstari wa kwanza unarudi. Kama hawamlipi, bado chupa zilikuwa zao na komisheni inaendelea, kwa hiyo aandike "mwanzoni nililipwa, posti hii sijalipwa, komisheni bado napata". Asipokuwa na uhakika wa kuirudia, aifute sentensi.

SabuniYaMise
Mimi ningeisoma hii na kununua, kweli. Ile ya kwanza ningejua tu ni mkorogo.

MwandikajiMwanga
Mrejesho, wakuu. Kampuni wamejibu. Cheti cha TBS wametuma, jina linafanana na la kwenye chupa. "Tiba", "siku 7" na "haina kemikali" wamekubali vitoke bila ubishi, inaonekana aliyeandika ni kijana wao wa mitandao. Sanskrini na kujaribu kwanza nyuma ya sikio wamezipenda. Ila mstari wa kwanza wamekataa. Wanasema "Nimelipwa" inaua posti, wanataka iwe "Kwa ushirikiano na [kampuni]", na kitufe cha Paid partnership watakiidhinisha. Wanasema wakikubaliana na hilo nusu ya pili inaingia siku hiyo hiyo.

MigebukaTamu
Kubali. Kitufe kipo, komisheni imetajwa chini, madai ya uongo yameondoka. Hiyo ni asilimia tisini.

Lebo_Kwanza
Mimi nisingekubali "ushirikiano" peke yake, ila nisingekataa kazi kabla ya kuwapa njia ya tatu. Waambie: "Tangazo la kulipwa na [kampuni]". Limeondoa "mimi nimelipwa" linalowatisha, limebaki na malipo na jina la mlipaji. Ni fupi zaidi hata. Kama kinachowauma ni ukavu wa mstari, dada aweke ucheshi wake kwenye sentensi inayofuata, nafasi ipo kabla ya more.

Halafu angalia mkataba. Kama umeandikwa kwamba kampuni ndiyo yenye neno la mwisho kwenye kapsheni, mna tatizo, kwa kuwa jina linalochafuka ni la dada. Mkataba unaofuata muweke sentensi moja: tamko la malipo ni la mtangazaji, halihaririwi. Na muongeze kwamba kampuni ikiichukua video kwenye kurasa zake au kuwapa wauzaji, isikate tamko.

Mzee_wa_Reli
Mimi bado nasema watapitiliza. Lakini kama ni binti yangu, ningetaka aandike hivyo hivyo.

MwandikajiMwanga
Nimewatumia "Tangazo la kulipwa na [kampuni]. Chupa nimepewa bure." Wamesoma, hawajajibu. Dada anarekodi video kesho asubuhi kabla jua halijapanda, kwa mdomo atasema "nimelipwa" hata iweje, hilo ameshasema hajadili. Swali dogo la mwisho: TikTok maandishi ya kwenye kioo nikiyaweka kwa zana ya TikTok yenyewe, mtu akiipakua yanabaki?

Lebo_Kwanza
Video iliyopakuliwa kutoka TikTok hubaki na maandishi yake. Hatari iko kwako: ile faili ghafi, iliyorekodiwa kabla hujaweka maandishi, ukiituma kampuni kwa WhatsApp, ndiyo itakayozunguka bila neno. Kwa hiyo yaunganishe kwenye programu ya kuhariri kwanza, utoe faili moja, na hiyo ndiyo uitume kila mahali, kampuni wakiwemo. Ghafi ibaki kwenye simu ya dada.